Sufuria Ndogo Pale Chini

Maneno niliyoyasema Mbagala, nyumbani kwa dada mkubwa, baada ya kisomo cha mwaka wa mama. Nimeyaandika kama yalivyotoka, ila nimeruka pale niliponyamaza.

Asalaam aleikum. Mama wakubwa, mama wadogo, shangazi zangu, mawifi, na nyinyi majirani wa Magomeni mliopanda daladala mbili na jua hili mpaka huku, shikamooni nyote. Nimeambiwa niseme maneno mawili wakati pilau linapakuliwa. Nikizidisha, mama mdogo yupo hapo mbele, atanivuta kanga.

Wengi wenu mmeiona ile picha niliyoiweka alfajiri ya leo. Ambaye hana bando, simu yangu inazunguka hapo, mpokezane. Shangazi kanipigia hata sijanawa uso: "Wewe mtoto, mwaka wa mama yako unaweka picha ya masizi? Picha za sura yake zimekwisha?" Hazijakwisha, shangazi. Ile ya harusi ya kaka ipo, aliyovaa dera la zambarau, nzuri kabisa. Lakini hii ya jiko ndiyo niliyoishi nayo mwaka mzima, na nitawaambia kwa nini.

Chini ya picha niliandika hivi, nawasomea kwa wasioona vizuri:

"Mwaka leo. Hili ndilo jiko la mama, Magomeni, asubuhi moja kabla hajaanza kuumwa. Yeye yuko nyuma ya mlango, kakataa kupigwa picha. Ile sufuria ndogo pale chini sisi tulidhani ni uji wetu. Mwenyezi Mungu amrehemu."

Basi tangu asubuhi kila anayenipigia ananiuliza sufuria. Sufuria gani? Uji gani? Nikaona nisijibu mmoja mmoja, nitawajibu hapa.

Kwanza jiko lenyewe, maana wapo watoto hapa hawakuliwahi. Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili kama zote za mtaa ule: vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, ukitoka mlango wa nyuma unaingia uani. Jiko liko kona ya kulia, ubavuni mwa bafu. Kuta tatu za matofali, upande wa nne hakuna kitu, juu mabati. Nyumba tuliiuza kwa ajili ya mirathi, mnajua, na aliyenunua kavunja uani wote mwezi wa nne. Nilipita juzi, pamemwagwa kokoto. Kwa hiyo jiko la mama sasa hivi lipo ndani ya hiyo simu tu.

Picha aliipiga mjukuu wake, alikuwa anajaribu kamera ya simu mpya. Mama alipoona simu imeinuliwa akarudi nyuma ya mlango, "Usinipige na kanga ya jikoni mimi!" Ukiangalia kushoto utaona kipande cha hiyo kanga. Ndani ya picha kuna jiko la mkaa, na juu yake chuma cha vitumbua, kile chenye mashimo saba. Kuna mbuzi ya kukunia nazi imeegemezwa ukutani, ungo, kinu. Kwenye msumari limening'inia kopo la maziwa ya unga lililotobolewa mdomoni likafungwa kamba. Na chini kabisa, nyuma ya kinu, sufuria ndogo isiyo na mfuniko, ndani yake mwiko.

Mama aliuza vitumbua barazani miaka yote tunayoikumbuka. Hilo halihitaji maelezo, nusu ya waliokaa kwenye mkeka huu walikuwa wateja, na wengine mnadaiwa mpaka leo. Msiogope, tumeshawasamehe.

Baada ya arobaini, tulipogawana vyombo, mbuzi ilikwenda kwa mama mdogo, kinu kwa kaka, chuma kikabaki kwa dada mkubwa hapa. Kopo hakuna aliyelitaka. Nililichukua kwa sababu lilikuwa karibu na pochi yangu, sina sifa yoyote hapo. Nikasema basi, mimi nitapika vitumbua vya mama. Nilijua kupika. Nimesimama jikoni mle miaka, nimetwanga mchele mpaka viganja vikaota sugu. Ningeshindwaje?

Nilishindwa. Mara ya kwanza niliroweka mchele usiku, asubuhi nikausaga kwenye blenda pamoja na tui, nikatia hamira, iliki, sukari, nikaacha vikaumuka. Vilitoka vizuri machoni, vimejaa, vina rangi. Tukavila vya moto, tukasifiana. Saa nne nikarudi kuchukua kimoja cha chai, nikakiona kimegeuka kokoto. Unakibonyeza hakibonyei, ukikivunja kinatoa chengachenga. Vitumbua vya mama, nyinyi ni mashahidi, mtoto alitoka navyo shule mchana bado laini. Kilichobaki jioni tulikuwa tunakigombania.

Nikadhani hamira ndogo. Nikazidisha mara mbili. Rojo likapanda likafika mdomo wa bakuli, likashuka lenyewe kabla mkaa haujakolea. Vitumbua vikatoka bapa, vinanukia kama kilabu cha pombe. Samahanini, lakini ndivyo vilivyonukia.

Shoga yangu mmoja akaniambia weka ngano, wote siku hizi wanaweka. Nikaweka, vikombe viwili vya unga wa ngano kwenye mchele. Hapo ugumu uliondoka, lakini ukikivuta kitumbua kinavutika kama andazi. Mume wangu akala vinne, akasema vitamu, akanyamaza kidogo, akasema, "Ila hivi si vyenyewe." Nilimchukia siku ile.

Basi usiku mmoja nikalala na hiyo picha. Nilikuwa naitazama kwa hamu tu, wala sitafuti kitu. Nikaivuta kwa vidole viwili, nikaangalia masizi, nikaangalia kanga yake, nikafika kwenye sufuria. Ndani mna uji mweupe, umeganda pembeni, na mwiko umevaa uji mpaka katikati ya mti wake. Nikatabasamu, nikasema uji wetu ule. Maana kila mtoto wa nyumba ile anaujua: ukiamka alfajiri ukamfuata mama jikoni, unapewa kikombe cha uji wa mchele wenye tui, sukari kidogo, unakaa juu ya kinu unakunywa. Tuliupenda kuliko vitumbua vyenyewe.

Halafu nikajiuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza tangu utoto. Wajukuu asubuhi ile hawakuwepo, alikuwepo huyo mmoja mwenye simu, naye mtu mzima, uji hanywi. Mama anaishi peke yake na mpangaji. Anampikia nani uji?

Nikampigia mama mdogo saa sita ya usiku. Nikidhani atapokea kwa hofu, maana saa hizo simu ni msiba. Nikamuuliza, mama mdogo, mama alikuwa anatia uji kwenye vitumbua? Akakaa kimya. Kisha akasema, "Kwani nyie mlikuwa mnapika bila uji?"

Cheka tu, mama mdogo. Mwaka mzima ulikuwa unakula vitumbua vyangu vya mawe na kusema mashallah.

Sasa nieleze, maana wapo wasichana hapa na yapo mambo mama hakuwahi kuyatamka. Ukimuuliza vitumbua vinapikwaje, alikuwa anasema: twanga, chekecha, kanda na tui, funga hamira, piga mkono, subiri, choma. Uji hautaji. Si kwamba alificha. Kwake yeye ule haukuwa hatua, ilikuwa kama kuwasha moto, nani anakwambia uwashe moto?

Unga wa ngano una mnato wake. Ukiukanda unavutika, hamira ikitoa hewa ule mnato unaishika, ndiyo andazi linafura na kubaki limefura. Mchele hauna mnato huo. Hamira inafanya kazi, hewa inatoka, lakini hakuna cha kuizuia, inapita kama maji kwenye tenga. Uji ndio unaoshika. Mchele ukishaiva ukawa uji unavimba, unakuwa mzito na wenye utelezi, ukiuchanganya na unga mbichi lile rojo linabeba hewa yake mpaka kwenye chuma. Na maji yaliyomo ndani ya uji hayatoki upesi, ndiyo maana kitumbua kinabaki laini mpaka jioni. Nilichokuwa napika mimi ni unga uliolowa ukakaangwa.

Uji wenyewe unatokana na chenga. Mchele unaurowesha adhuhuri, alasiri unauchuja mpaka usidondoshe maji, unautwanga, unauchekecha. Unaopita ni unga, unaobaki juu ya chekecheo ni chenga. Siku zote nilidhani tunazirudisha kinuni kwa sababu mama ni bahili. Kumbe alikuwa anaturudishia nyingine, na nyingine anazisogeza kwenye kibakuli chake pembeni. Hizo ndizo za uji.

Kiasi je? Hapo ndipo kopo lilipofanya kazi. Mama hakuwa na mizani, alikuwa na kopo. Nikaenda kwa mwenye duka la mchele mtaani kwetu, nikamwambia nijazie hili, nikafuta juu kwa kiganja kama yeye alivyofuta, tukapima. Gramu 780. Mwenye duka akaniangalia kama kichaa, maana nilianza kulia kwenye gunia lake.

Kwa kopo moja, chenga kiganja kimoja kilichojaa, nilipima ni kama gramu 70. Unaziweka kwenye sufuria ndogo na kikombe kimoja na nusu cha tui jepesi, lile la pili, unakoroga moto mdogo bila kuacha mkono. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia ikabaki wazi kidogo kabla ya kujifunga, umeiva. Tui zito ni kikombe kimoja, unalitia mwishoni kidogo kidogo, maana mchele mwingine unakunywa na mwingine haunywi. Nazi mbili zilizokomaa zinatosha yote mawili.

Nikafurahi, nikapika uji, nikaumimina kwenye unga, nikatia hamira, nikapiga mkono. Nikasubiri saa moja. Saa mbili. Rojo limekaa kimya kama limefiwa. Sikuupoza uji! Hamira kitu hai, uji wa moto unaiua papo hapo, na ikishakufa hata ungeongeza sukari gunia zima haiamki. Nikamwaga lote, kuku wa jirani wakala.

Na hapo ndipo nikaelewa vile vikombe vyetu vya uji. Mama alikuwa anatugawia ule wa juu, anatuambia kunyweni taratibu, kisha anachovya kidole kwenye sufuria. Tukidhani anaonja sukari. Alikuwa anaangalia umepoa kiasi gani. Ukichovya kidole ukahesabu mpaka kumi bila kukitoa, uwe wa uvuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, hapo ndipo unautia kwenye unga. Muda wote ule tuliokuwa tunakunywa, uji ulikuwa unapoa. Sisi tulikuwa saa yake.

Naombeni maji.

Haya. Rojo likishapigwa vizuri, ukiinua upawa linashuka likijikunja kama kitambaa, halidondoki matone. Unafunika. Joto la Dar mwezi wa kwanza, saa moja linatosha. Mwezi wa saba, upepo wa kusi unavuma na alfajiri pana kibaridi, saa moja na nusu. Litajaa vitundu juu, ukiligusa bakuli linatikisika. Ndipo unatia sukari, si kabla. Sukari inavuta maji, ukiitia mapema rojo linakuwa jepesi, nawe utaongeza unga, na ukishaongeza unga umeharibu. Mama alitia robo tatu ya kikombe cha chai kwa kopo. Wanaopenda sukari kama shemeji yangu yule pale watazidisha, lakini inashika kwenye chuma na kuungua kabla ndani hakujaiva.

Chuma sasa. Chuma hiki cha dada mkubwa kina umri kunishinda. Kilikuwa hakishiki kitu, kimekunywa mafuta miaka na miaka. Kuna mtu, simtaji, alikuja kusaidia vyombo siku ya arobaini, akakiona cheusi, akakionea huruma. Akakisugua na steelwaya na sabuni mpaka kikang'aa. Mtu huyo anaangalia chini sasa hivi. Ilibidi dada akipake mafuta akiunguze juu ya mkaa, akipoze, akipake tena, siku nne, ndipo kikakubali kuachia kitumbua. Kikishaiva chini hujiachia chenyewe, unakigeuza kwa ile spoki ya baiskeli. Kikikataa usilazimishe, hakijaiva.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita ndipo nilipopika kwa kopo moja, na uji uliopoa, na chuma hiki hiki. Mashimo saba. Nikahesabu raundi, zikatoka saba. Vitumbua 49.

Nikasimama pale na spoki mkononi. Mnakumbuka kilio cha mama cha kila asubuhi? "Mia na nusu, mia na nusu, siku zote mia na nusu kasoro tatu." Tulikuwa tunamcheka. Tunamwambia mama mnavila jikoni wewe na paka. Sasa chukua 49, mara tatu, maana yeye alipika makopo matatu kila siku. Inakuja 147. Hakuwa anakula. Kopo lilikuwa linatoa hivyo hivyo, na mama akaishi akilalamika na kopo lile lile, hakuongeza hata konzi ya mchele kuitimiza hiyo mia na nusu. Kwa nini hakuongeza, hilo kaondoka nalo.

Mume wangu alikula kimoja. Hakusema kitu. Akachukua cha pili akaenda kukilia nje.

Nimeulizwa pia kwa nini niliandika "tulidhani". Mama mkubwa kasema inasikika kama tulidanganywa, nibadilishe. Nimefikiria, mama mkubwa, nimeliacha. Ulikuwa uji wetu kweli, aliutia sukari kwa ajili yetu, vitumbua havihitaji uji wenye sukari. Lakini ulikuwa na kazi nyingine na hatukuijua, na aliyeijua hakuona kama ni kitu cha kusema.

Basi pilau naona linakuja. Baada ya pilau kuna chai. Leo alfajiri dada na mimi tumepika makopo matatu, uani hapo nyuma. Tumetoa 144, vitatu vilishika chuma. Viko kwenye hotpoti ya bluu, ile nyekundu ni chapati. Vilivyoungua nimeviweka chini kabisa, atakayechelewa ndiye atakayevikuta. Na sufuria ndogo iko jikoni na uji wake umebaki kidogo, watoto wapewe kwanza.